Sebule ya Kilimani iliyopigwa picha Kuala Lumpur: kisa cha kufuata picha hadi chimbuko lake

Tangazo liliingia kwenye kundi la WhatsApp la watafuta nyumba Nairobi likiwa na picha moja na mistari michache. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala, Kilimani, karibu na Yaya Centre, kodi shilingi 38,000 kwa mwezi, lifti ipo, maji ya kisima yapo. Anayeitaka atume kwanza shilingi 3,000 kwa M-Pesa ili aoneshwe na awekewe, kwa sababu wanaoiulizia ni wengi. Picha yenyewe ilivutia: sebule yenye mwanga, kochi la kijivu, pazia jepesi kwenye dirisha refu, rafu ya mbao ukutani.

Mwanakundi mmoja aliyekuwa karibu kutuma pesa aliuliza kwanza kama picha hiyo ni ya nyumba hiyo kweli. Hapa tunaeleza jinsi jibu lilivyopatikana, hatua kwa hatua, pamoja na pale utafutaji ulipokwama. Majina, namba za simu na anwani za tovuti zilizohusika zimeachwa makusudi.

Kazi ya aina hii ina sehemu mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni kupata nakala nyingine za picha. Hiyo hufanywa na injini ya kutafuta, na huchukua dakika chache. Ya pili ni kujua ipi kati ya nakala hizo imezaa nyingine. Hiyo injini haiwezi kukufanyia, na ndiyo iliyokuwa na uzito katika kisa hiki.

Faili kwanza

Aliyeuliza alituma skrinishoti ya tangazo. Skrinishoti ni malighafi mbovu. Inabeba saa, alama ya betri, jina la kundi na kiputo cha ujumbe, na injini inavihesabu vyote kuwa sehemu ya picha. Kama huna kingine, kata kingo zote hadi ibaki picha tupu. Kama ujumbe bado upo kwenye simu, fungua picha, ihifadhi, kisha tumia faili hiyo.

Faili iliyopatikana ilikuwa na jina `IMG-20250308-WA0031.jpg`. Jina la namna hii hutolewa na WhatsApp kwenye simu za Android. Tarehe iliyomo ni ya siku picha ilipopita kwenye simu hiyo, na namba baada ya `WA` ni ya mfuatano wa siku hiyo. Haisemi lolote kuhusu siku kamera ilipobonyezwa. Kosa la kusoma tarehe hiyo kama siku ya kupigwa picha hutokea mara nyingi, hasa picha za mafuriko au za maandamano zinapozunguka. Ndani ya faili hakukuwa na taarifa za kamera pia, kwa kuwa WhatsApp huziondoa picha inapotumwa kwa njia ya kawaida.

Kilichosalia ni vipimo. Picha ilikuwa pikseli 1080 kwa 1350, yaani uwiano wa 4 kwa 5. Hakuna kamera ya kawaida inayopiga kwa uwiano huo. Simu nyingi hupiga 4 kwa 3, na kamera kubwa za kubadilisha lenzi hupiga 3 kwa 2. Pikseli 1080 kwa 1350 ni kipimo cha picha ya wima ya Instagram. Kabla ya kutafuta chochote, basi, tulikuwa na dokezo zuri: mtu ameikata picha hii, na huenda imepitia Instagram au programu inayoandaa picha za kupandishwa huko.

Kisha picha ikatazamwa kwa makini, ikiwa imekuzwa, kona baada ya kona. Soketi ya umeme karibu na kochi ilikuwa ya matundu matatu ya mstatili, kama zetu. Wengi wangeishia hapo na kusema nyumba ni ya Kenya. Lakini soketi hiyo hutumika pia Uingereza, Tanzania, Uganda, Dubai, Singapore na Malaysia. Soketi ya matundu ya duara ingeitoa picha nje ya Kenya mara moja, ila hii ya mstatili haiithibitishi kuwa ya hapa.

Vitu viwili zaidi viliandikwa kando. Kwenye ukingo wa juu, upande wa kulia, palikuwa na mstari mweusi mfupi, mnene kidogo, usioelezeka. Haukuwa kivuli wala ufa. Na kwenye mto mdogo wa kochi palikuwa na maandishi yenye ukungu. Ukiyakuza, yalikuwa herufi nne, na E ilikuwa ya kwanza ikitazama kushoto. Neno lilikuwa HOME limesomwa kinyumenyume. Herufi H, O na M hazibadiliki zikitazamwa kwenye kioo, ndiyo sababu jicho lilipita bila kushtuka. E peke yake ndiyo iliyofichua kwamba picha imegeuzwa kushoto kuwa kulia.

Utafutaji uliokwama, na sababu yake

Ili tuone tofauti, picha ilitafutwa kwanza jinsi ilivyokuja. Kwenye Google, unafungua `images.google.com`, unabonyeza alama ya kamera, unapakia faili. Kwenye simu, programu ya Google ina alama hiyohiyo ya kamera, na katika Chrome unaweza kubonyeza picha kwa muda hadi menyu ya Lens itokee. Majibu yalikuja mengi na yote hayakufaa kitu: makochi ya kijivu yanayouzwa, mapazia, vyumba vya hoteli, sebule zinazofanana. Sehemu iitwayo `Exact matches`, inayokusanya picha ileile badala ya zinazofanana nayo, ilikuwa tupu. TinEye, injini nyingine ya kutafuta kwa picha, nayo ikasema haina nakala hata moja.

Hapa ndipo wengi hufunga simu na kuandika kwenye kundi kwamba "nimetafuta Google, picha ni halisi, haipo popote." Jibu tupu halina maana hiyo. Injini haikupata, ndilo jambo pekee unaloweza kusema. Huenda nakala nyingine ziko kwenye makundi ya WhatsApp, kwenye kurasa za Facebook zilizofungwa au kwenye akaunti za Instagram ambazo injini haziingii. Huenda ziko wazi kabisa lakini picha yako imebadilishwa vya kutosha kuzikwepa.

Inafaa kuelewa injini hizi zinafanya nini, maana ndipo unapojua pa kubana. TinEye hutengeneza aina ya alama ya kidole ya picha nzima, kisha hutafuta picha nyingine zenye alama hiyo. Haijali kama ni kochi au ng'ombe. Huvumilia picha iliyopunguzwa ukubwa, iliyobadilishwa rangi kidogo au iliyokatwa kiasi. Google Lens hutambua vilivyomo: hiki ni kochi, hili ni dirisha, hii ni rafu. Kwa hiyo inapoona kochi linalouzwa madukani inakimbilia madukani. Picha ikikatwa sana na kugeuzwa kama kwenye kioo, alama ya kidole inaharibika, na Lens inabaki na samani tu za kushika.

Tiba ni mbili. Kwanza, rudisha picha upande wake. Vihariri vya picha vya simu nyingi vina kitufe cha kugeuza kando ya kile cha kukata, na Snapseed inacho kwenye zana ya `Rotate`. Kwenye kompyuta yenye ImageMagick, programu ya kuhariri picha kwa amri za maandishi, ni mstari mmoja:

```
magick IMG-20250308-WA0031.jpg -flop geuza.jpg
```

Angalia ni `-flop`. Ukiandika `-flip` picha itasimama kichwa chini.

Pili, chagua sehemu ya kutafuta. Lens inakupa fremu unayoweza kuivuta kwa kidole, na Bing inaruhusu hivyohivyo. Usiiweke juu ya kochi, wala juu ya mto wenye maandishi, kwa sababu vitu hivyo hutengenezwa kwa maelfu na vitakupeleka dukani. Iweke mahali ambapo vitu kadhaa vimekutana kwa namna isiyoweza kujirudia kwingine. Katika picha hii palikuwa kona ya dirisha, ukingo wa pazia na rafu ya mbao yenye vitabu vilivyolala na chungu kimoja. Chungu unaweza kukinunua popote, lakini mpangilio huo wote pamoja uko chumba kimoja tu duniani.

Baada ya kugeuza picha na kubana fremu kwenye kona hiyo, sehemu ya `Exact matches` ilitoa nakala mbili.

Nakala mbili za kwanza

Ya kwanza ilikuwa kwenye tovuti ya matangazo ya hapa Kenya. Ilikuwa sebule ileile, pana zaidi, haikugeuzwa, na namba ya simu ilikuwa imeandikwa katikati kwa herufi nyeupe. Tangazo lilisema nyumba iko Ruaka, na kodi ilikuwa nyingine.

Yafaa tutulie hapa kidogo, maana Nairobi ina tabia yake. Madalali wa nyumba hupeana picha. Msimamizi wa jumba hupiga picha mara moja, akamtumia dalali, naye akawatumia wenzake, na mwisho wa wiki nyumba moja halali ina matangazo saba yenye namba saba tofauti. Kwa hiyo kukuta picha kwenye tangazo lingine si ushahidi wa utapeli peke yake. Linganisha yale ambayo dalali hawezi kubadilisha bila kudanganya, yaani mtaa, jina la jumba, ghorofa na idadi ya vyumba. Namba ya simu na bei hutofautiana hata kwa waaminifu. Nyumba iliyoko Kilimani kwenye tangazo moja na Ruaka kwenye jingine haiwezi kuwa nyumba moja, na angalau mmoja wa watangazaji anatumia picha isiyo yake. Hilo pekee lilitosha kwa aliyeuliza kutotuma shilingi 3,000, na aliambiwa hivyo wakati huohuo, bila kungoja utafiti ukamilike.

Nakala ya pili ilikuwa Pinterest, chini ya kichwa cha habari kuhusu mapambo ya sebule ndogo. Ilionekana ndogo, upana wa pikseli 736. Anwani za picha za Pinterest huwa na kipande kinachotaja ukubwa, kwa mfano `/736x/` au `/236x/`. Ukifungua picha kivyake na kubadilisha kipande hicho kuwa `/originals/`, mara nyingine unapata faili kubwa iliyopakiwa mwanzoni. Hapa ilifanya kazi, ikatoka picha ya pikseli 2000 kwa 1333, safi, bila namba ya simu. Linki ya kwenda kwenye ukurasa ilikotoka ilikuwa imekufa, jambo la kawaida huko.

Sasa picha nzima ilionekana. Upande wa kushoto palikuwa na mashine ya kupoza hewa ukutani. Na darini palikuwa na feni. Ule mstari mweusi usioelezeka kwenye picha ya Kilimani ulikuwa ncha ya panga moja la feni hiyo, iliyobaki pale mkataji alipokata kidogo pungufu.

Ncha hiyo ya feni ilizaa hoja muhimu kuliko zote katika kisa hiki. Nakala inayoonesha zaidi kwa kawaida haiwezi kuwa imetokana na nakala inayoonesha pungufu. Mtu akiwa na picha iliyokatwa hawezi kuirudishia feni, mashine ya kupoza hewa na nusu ya chumba ambayo hakuiona. Kwa hiyo picha ya Kilimani ni mtoto, vyovyote tarehe zitakavyosema. Tarehe za mtandaoni hubadilishwa, hupotea, hukosewa, ila ukingo wa picha ni vigumu zaidi kuusingizia. Unapopanga nakala, anza na kingo, na tarehe zifuate.

Feni na mashine ya kupoza hewa vilikuwa na dokezo jingine. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na nyumba za kupangisha zenye feni ya dari na mashine hiyo katika sebule moja ni adimu. Mombasa ungezikuta bila shida. Hili halithibitishi lolote, lakini lilifanya tutazame nje ya Nairobi, kwenye miji ya joto inayotumia soketi ya aina yetu.

Duru ya pili

Kosa linalowagharimu wengi ni kutafuta mara moja na kuacha. Kila unapopata nakala pana zaidi au safi zaidi, anza upya kwa kutumia hiyo. Nakala ya Pinterest ilipakiwa TinEye, ambayo mwanzoni ilikuwa imesema haina kitu, nayo sasa ikatoa blogu moja ya mapambo ya nyumba. TinEye ina orodha ya kupanga majibu: `Oldest` huleta iliyoonekana zamani zaidi, `Biggest image` iliyo kubwa zaidi. Zitumie zote mbili. Kumbuka tu kwamba tarehe inayooneshwa ni ya siku TinEye ilipoikuta picha, na si ya siku ilipochapishwa. Blogu iliyokutwa mwaka 2020 inaweza kuwa na umri wa miaka kadhaa kabla ya hapo, na ukurasa mkongwe unaweza kukutwa ukiwa umechelewa kuliko nakala yake.

Chini ya picha, blogu hiyo iliweka linki ya ilikoitoa. Iliongoza kwenye tovuti ya wakala wa nyumba Kuala Lumpur, ukurasa wa nyumba ya kupangisha kwenye jumba la ghorofa, bei kwa ringgit, fedha ya Malaysia. Picha ya sebule ilikuwa pale, na anwani yake iliishia hivi:

```
/wp-content/uploads/2018/11/living-2-1024x683.jpg
```

Anwani hii inasema mengi kwa anayeijua. Tovuti imejengwa kwa WordPress, ambayo kwa kawaida huweka picha katika folda za mwaka na mwezi, hapa Novemba 2018. Kipande cha mwisho, `-1024x683`, ni cha nakala ndogo ambayo WordPress huitengeneza yenyewe. Ukikifuta ikabaki `living-2.jpg`, mara nyingi utafika kwenye faili iliyopakiwa. Katika tovuti zilizosasishwa baada ya mwisho wa 2019 utakuta pia neno `-scaled` kwenye picha kubwa sana. Nalo hufutwa hivyohivyo.

Faili iliyotoka ilikuwa pikseli 3000 kwa 2000, kubwa kuliko nakala zote na pana sawa na iliyo pana kuliko zote. Nakala ndogo zilizotengenezwa na WordPress kwa kawaida huwa zimepoteza taarifa za kamera, lakini faili mama mara nyingi huwa nazo bado. Zinasomwa kwa programu ya `exiftool`, hivi:

```
exiftool -G1 -s living-2.jpg
```

Mistari ya kutazama ni `DateTimeOriginal`, `Model`, `FocalLength`, `Artist` na `Copyright`. Tarehe ilikuwa ya mwishoni mwa Oktoba 2018, wiki chache kabla ya folda ya Novemba, na lenzi ilikuwa ya milimita 17. Lenzi pana kiasi hicho hufanya chumba cha kawaida kionekane ukumbi, nayo hutumiwa na wapiga picha za majumba karibu kila mahali. Usiiamini tarehe ya kamera peke yake, kwani saa ya kamera inaweza kuwa imewekwa vibaya, na yeyote mwenye `exiftool` anaweza kuiandika upya. Ina uzito pale inapokubaliana na ushahidi usiotoka mkono uleule.

Ushahidi huo ulitafutwa Wayback Machine, hifadhi ya nakala za zamani za kurasa za mtandao, kwa kuandika `web.archive.org/web/*/` kisha anwani ya ukurasa. Nakala ya kwanza iliyohifadhiwa ilikuwa ya Januari 2019, na picha ilikuwemo. Hiyo haisemi picha ilizaliwa lini, bali inaweka mpaka: Januari 2019 ilikuwa tayari iko pale. Kamera, folda na hifadhi, vyote vitatu vilienda pamoja bila kugongana.

Je, hicho ndicho chimbuko?

Faili kubwa kuliko zote na kongwe kuliko zote bado inaweza kuwa ya kuibwa. Wakala wa Kuala Lumpur naye angeweza kuichukua kwingine. Kipimo tunachokiamini zaidi hapa ni mfululizo. Aliyepiga picha ya chumba hakupiga moja, alizunguka nyumba. Ukurasa ule ulikuwa na picha tisa. Sebule ilionekana kutoka pembe mbili, na katika pembe ya pili rafu ileile na feni ileile ziliangaliwa kutoka upande wa jikoni. Chumba cha kulala kilikuwa na pazia la kitambaa kilekile. Mwanga wa dirishani ulikuwa wa saa zilezile, na majina ya faili yalifuatana. Anayeiba huwa na picha moja, au chache zilizokwisha kuchapishwa. Mwenye picha ana zile ambazo hazijaonekana popote. Kila moja ya picha hizo nane nyingine ilitafutwa peke yake, na hakuna iliyorudisha nakala ya zamani zaidi ya ukurasa ule. Wakala pia aliandikiwa barua pepe fupi akiulizwa kama nyumba ni yake na kama ana picha nyingine za siku hiyo. Alijibu kwa kutuma picha moja ambayo haikuwa kwenye tovuti, ya sebule ileile kabla meza haijasogezwa.

Kwa hiyo mti wa nakala ulisimama hivi. Tovuti ya Kuala Lumpur ndiyo shina. Blogu ilichukua kutoka hapo na ikasema hivyo. Nakala ya Ruaka ilikuwa pikseli 1024 kwa 683 kamili, kipimo kilekile cha nakala ndogo ya WordPress, hivyo karibu hakika mtu aliihifadhi moja kwa moja kutoka ukurasa wa wakala au wa blogu iliyotumia faili hiyohiyo, kisha akaandika namba juu yake.

Picha ya Kilimani haikutoka kwa tangazo la Ruaka, ingawa ingekuwa rahisi kudhani hivyo kwa kuwa yote mawili ni ya hapa. Sababu ya kwanza ni namba ya simu. Kipande cha chumba kilichobaki kwenye picha ya Kilimani kilikuwa palepale namba ilipopita, na ukutani hapakuwa na doa wala ukungu wa kufutwa. Ya pili ni ukali wa picha. Sehemu iliyokatwa ingekuwa na kimo cha pikseli 580 hivi katika nakala ya Ruaka, na kuifikisha 1350 kungelazimu kuikuza zaidi ya mara mbili. Picha iliyokuzwa hivyo hulainika, nyuzi za pazia zikawa kama rangi iliyopakwa kwa brashi. Kwenye picha ya Kilimani nyuzi zilihesabika. Ilitoka basi kwenye faili kubwa, ama ile ya Pinterest ama ile ya wakala mwenyewe. Kati ya hizo mbili hakuna namna ya kuchagua, kwa kuwa zote ni pana vilevile na zote ni kali vya kutosha.

Kugeuza picha na kukata mashine ya kupoza hewa na feni havikutokea kwa bahati. Mtu anayeunda tangazo halali hana haja ya kuigeuza sebule yake. Hata hivyo matokeo yana mpaka, na ni vizuri kuuheshimu unapoandika kwenye kundi. Picha imethibitishwa kuwa ya nyumba ya Kuala Lumpur iliyokuwa mtandaoni tangu Januari 2019 au kabla. Haikuthibitishwa ni nani aliyeikata, wala kama mwenye namba ya simu ndiye aliyefanya hivyo au ni dalali aliyerushiwa na mwingine. Ujumbe uliorudishwa kundini ulikuwa na picha mbili sambamba, ya Kilimani ikiwa imegeuzwa upande wake na ile pana, duara jekundu likiwa juu ya ncha ya feni, pamoja na linki ya ukurasa uliohifadhiwa. Haukumtaja mtu. Namba iliyotaka pesa ilipelekwa kwa wasimamizi wa kundi faraghani.

Jambo moja la tahadhari kuhusu picha unazopakia. Kutafuta kwa picha ni kuikabidhi kwa kampuni yenye injini. TinEye inasema haihifadhi picha zinazotafutwa, lakini kila kampuni ina masharti yake. Picha ya sebule haina shida. Picha yenye mtoto, kitambulisho, namba ya gari au ujumbe wa M-Pesa ikatwe kwanza, ubakize tu kile unachokitafuta.

Na hifadhi ushahidi kabla ya kumuuliza mtangazaji chochote. Tangazo la Ruaka lilikuwa limeondolewa siku iliyofuata. Lilikuwa limewekwa kwenye `web.archive.org/save` mapema, pamoja na skrinishoti inayoonesha anwani yote na tarehe, kwa hiyo yeyote aliyetaka kulilinganisha na lile la Kilimani bado angeweza kulifungua.